Masurufu ya safari ya Same: kufunga hesabu hadi shilingi ya mwisho

*Shikamoo mama. Mimi ni afisa mradi kwenye shirika moja hapa Moshi. Nilipewa masurufu ya shilingi 2,440,000 kwa mafunzo ya wakulima kule Mbaga, wilayani Same. Tulipanga Jumatatu hadi Ijumaa, mvua ikaturudisha Alhamisi jioni. Kwa hesabu yangu nimetumia 2,376,500, kwa hiyo ningebaki na 63,500, lakini mkononi nina 53,500. Mama lishe hana risiti, na nililipa bodaboda ambao hawakuwemo kwenye bajeti. Mhasibu amenirudishia fomu mara mbili na anasema muda ukipita atakata mshahara. Nimekutumia nakala za karatasi zote. Nianzie wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Anzia kwenye fedha, fomu iache kwanza. Wengi huanza kwa kujaza mistari ya fomu, wakifika chini hesabu inakataa, wanarudi juu kuibembeleza namba moja ikubali. Mhasibu mzoefu akiiona fomu ya namna hiyo anaijua papo hapo, na ndipo maswali yanapoanza.

Tuelewane kwanza kitu kimoja kuhusu hizi 2,440,000. Siku ulipozichukua, shirika halikuandika kwamba limetumia fedha. Liliandika kwamba wewe unadaiwa 2,440,000. Jina lako limekaa kwenye vitabu upande wa wadaiwa mpaka leo, na kurejesha masurufu ni kulifuta deni hilo lote. Linafutwa kwa vitu viwili tu: matumizi yenye ushahidi unaokubalika, na fedha taslimu zilizorudi. Ukijumlisha hivyo viwili lazima upate 2,440,000, bila kupungua wala kuzidi. Kwa hiyo fomu yako isiishie kwenye jumla ya matumizi. Mstari wa mwisho kabisa uwe ni ule ule ulioanza nao safari. Kwenye nakala ulizonitumia, fomu zote mbili zimeishia kwenye 2,376,500, halafu pembeni kuna maneno ya kalamu "bakaa 53,500". Namba hizo mbili zikijumlishwa zinakuja 2,430,000. Mhasibu wako aliziona shilingi 10,000 zinazokosekana kabla hajafungua hata risiti moja.

Sasa twende kwenye karatasi zenyewe. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, maana ndilo kubwa kuliko yote uliyouliza.

Posho ya kujikimu ulichukua ya usiku 4: wewe 100,000 kwa usiku, dereva 80,000, jumla 720,000. Umeiandika yote kama imetumika. Lakini mmerudi Alhamisi jioni, maana yake mmelala Same usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Ni usiku 3. Posho haidaiwi risiti ya chakula wala ya chumba, na hapo ndipo watu wanapodhani ikishaingia mfukoni imekwisha. Ila inalipwa kwa usiku uliolala nje ya kituo chako cha kazi, na usiku wa nne mlilala majumbani kwenu Moshi. Wewe unarudisha 100,000 na dereva anarudisha 80,000. Stahili yenu kwa safari hii ni 540,000.

Najua inauma, hasa kama fedha hiyo imeshanunua unga na mafuta ya kupikia. Lakini angalia ilivyo rahisi kuonekana. Kitabu cha safari za gari kina tarehe na saa ya kuingia getini, na mlinzi naye ana daftari lake. Risiti ya mafuta inaonyesha mlikuwa wapi na lini. Mkaguzi akiikuta fomu yenye usiku 4 na gari lililolala ofisini usiku wa Alhamisi, hatasema umekosea kuhesabu. Atasema umedai fedha usiyostahili, na kwenye mashirika mengi hiyo inashughulikiwa kama kosa la nidhamu. Itoe mwenyewe kabla hujaulizwa. Zungumza na dereva leo, kwa heshima, mwonyeshe kitabu cha gari, na akikukabidhi 80,000 yake mwandikishiane. Masurufu yapo kwa jina lako, kwa hiyo yeye asiporudisha utakayedaiwa ni wewe.

Sasa zile 10,000 zilizokukosesha usingizi. Fedha ikipungua, usianze kukuna kichwa ukikumbuka soda ulizonunua njiani. Itazame tofauti yenyewe, mara nyingi inakwambia imetoka wapi. Kama inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu mahali fulani: mtu aliyetaka kuandika 86,500 akaandika 68,500 atapata tofauti ya 18,000, na hiyo inagawanyika kwa 9. Shilingi 10,000 haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo hapo siyo. Swali linalofuata ni hili: je, tofauti inalingana na bei ya kitu kimoja ulichokuwa unalipia kwa idadi? Sahani ya chakula ilikuwa 12,000, siyo. Nauli ya mshiriki ilikuwa 10,000 kwa siku. Hapo nikasimama.

Nikachukua karatasi zako za mahudhurio nikaziweka kando ya karatasi za malipo ya nauli. Siku ya kwanza mahudhurio yana majina 28 na malipo yana saini 28. Siku ya pili mahudhurio yana majina 28, malipo yana saini 27. Kuna mama mmoja yupo kwenye mahudhurio, tena kaandika jina na kijiji vizuri kabisa, lakini kwenye malipo hayupo. Wewe ulihesabu saini, ukapata 55, ukaandika 550,000. Fedha iliyotoka mkononi mwako inaelekea ilikuwa ya watu 56. Inawezekana aliwahi gari la kushuka, ukampa noti yake mlangoni, karatasi ikiwa bado inazunguka ndani.

Hii ndiyo sababu karatasi ya mahudhurio na karatasi ya malipo huwa mbili. Moja inathibitisha mtu alikuwepo, nyingine inathibitisha alipokea fedha. Ofisi zinazotumia karatasi moja kwa kazi zote mbili hujikuta hazina cha kulinganisha siku kama hii.

Usimsainie. Wala usimwombe mwenzako amsainie, wala usibonyeze dole gumba lako. Nasema hivyo kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye uhasibu wa mashirika hapa Arusha, na saini ya kuigiza ndiyo kitu kinachogeuza shilingi 10,000 kuwa barua ya kuachishwa kazi. Mkaguzi akishuku, anachukua simu anampigia mshiriki. Siyo jambo la ajabu, wanafanya hivyo kila mwaka kwa majina machache wanayoyachagua wenyewe.

Mpigie huyo mama. Akikumbuka kupokea, andaa karatasi ya ziada yenye kichwa kinachosema ni malipo ya nauli ya siku ya pili ya mafunzo, tarehe ya mafunzo ikitajwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na nafasi ya saini yenye tarehe ya siku atakayosaini kweli. Itume kwa mtendaji wa kijiji chake, amsomee, asaini mbele yake, mtendaji agonge muhuri kama shahidi. Bahasha ya Moshi kwenda Same inapanda basi asubuhi, na kupanda Mbaga inapata mtu wa kuibeba. Ikirudi, nauli inakuwa 560,000 na upungufu wako umekwisha. Akisema hakupokea, au hapatikani kabisa, basi 10,000 hiyo ni yako kulipa. Hakuna njia ya tatu. Aliyebeba fedha ndiye anayebeba upungufu wake, na ni afadhali kulipa 10,000 kuliko kuipamba.

Tuje kwa mama lishe. Hapa mhasibu wako ana haki ya kuwa mkali, kwa sababu 720,000 ni karibu theluthi ya safari nzima na inasimama juu ya ukurasa wa daftari ulioandikwa "nimepokea 720,000", bila tarehe, bila jina kamili, bila kusema ni ya nini.

Kisheria mfanyabiashara anayepaswa kuwa na mashine ya EFD lazima atoe risiti yake, na mnunuzi naye anapaswa kuidai. Lakini wapo wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayafiki kiwango cha kulazimika kuwa na mashine, na mama anayepika kwa sufuria mbili kijijini mara nyingi yumo humo. Kutokuwa na EFD hakufanyi malipo yake kuwa batili. Kunafanya uhitaji ushahidi mwingine wenye nguvu ya kutosha, na hapo watu wa vijijini hawana shida, sisi wa ofisini ndio hatuwaandalii karatasi.

Unachohitaji ni hati ya kukiri kupokea fedha. Iwe na jina lake kamili, kijiji, namba ya simu, na maelezo ya alichouza: chai na chakula cha mchana, sahani 30 kwa siku, siku 2, kila sahani 12,000. Kisha jumla kwa tarakimu na maneno, tarehe aliyolipwa, saini yake au dole gumba, na shahidi mwenye muhuri, yaani mtendaji wa kijiji au wa kata. Tarehe ya kusaini iwe ya siku anayosaini. Usiirudishe nyuma ili ionekane ilisainiwa siku ya mafunzo. Ile karatasi ya daftari usiitupe, ibandike nyuma ya hati mpya. Hizo mbili pamoja zinaeleza ukweli ulivyokuwa: alilipwa siku ile na kuandika alivyoweza, kisha akathibitisha kwa ukamilifu baadaye. Kama ulimlipa kwa simu, ni nafuu zaidi, chapisha ujumbe wenye namba ya muamala na jina lake. Nakala zako hazionyeshi hivyo, kwa hiyo nadhani ulimpa taslimu. Safari ijayo mlipe kwa simu.

Kuna swali moja zaidi litakalokuja juu ya chakula, lijibu kabla halijaulizwa. Sahani ni 60 na mahudhurio ya siku mbili ni 56. Sahani 4 zimekwenda wapi? Jibu la kawaida ni kwamba chakula kiliagizwa mapema kwa idadi ya walioalikwa, na aliyepika anastahili kulipwa alichopika. Ni jibu zuri na linakubalika. Liandike tu kwenye dokezo lako, pamoja na makubaliano yenu kama yalikuwepo kwa maandishi au kwa ujumbe wa simu. Kisichokubalika ni kuongeza majina 4 hewa kwenye mahudhurio ili yafike 60. Nimewahi kushika faili la mafunzo ambalo kila siku, kwa siku 5, walihudhuria watu 50 kamili bila mmoja kuugua wala kufiwa. Hakuna aliyeliamini.

Hapo ndipo ninapofika kwenye risiti za kununua, kwa sababu najua utashauriwa. Kuna mtu atakwambia nenda mjini kanunue kitabu cha risiti, mpe kijana fulani aandike, gonga muhuri wa duka, mambo yamekwisha. Au utapewa risiti ya EFD ya hoteli ambayo hujawahi kula. Acha kabisa. Mhasibu anaziona hivi: risiti za vijiji viwili tofauti zina namba zinazofuatana kutoka kitabu kimoja, mwandiko wa mama lishe wa Mbaga unafanana na wa fundi wa Hedaru, tarehe inaangukia siku mliyokuwa mmesharudi. Risiti ya EFD nayo ina namba ya uhakiki, na yeyote mwenye intaneti anaiingiza `verify.tra.go.tz` akaona duka, kiasi, tarehe na saa ilipotolewa. Risiti ya chakula cha Jumanne mchana iliyotolewa Ijumaa jioni mjini Moshi haijitetei. Karatasi dhaifu ya kweli ina dawa. Karatasi nzuri ya uongo haina, na inachafua hata zile za kweli zilizobandikwa karibu nayo.

Kuhusu bodaboda, sikuona tatizo kubwa kama unavyoliona. Siku ya pili gari halikupanda kwa tope, ukachukua bodaboda wawili, wewe na vifaa, kwenda na kurudi, 15,000 kila mmoja, jumla 30,000. Kazi ilifanyika kwa sababu hiyo. Ugumu ni kwamba hakuna kifungu kilichoidhinisha, na mhasibu hana mamlaka ya kuidhinisha matumizi, kazi yake ni kuhakikisha yameidhinishwa. Kwa hiyo usibishane naye. Andika dokezo fupi kwa meneja wako: tarehe, hali ya barabara, gari lilipoachwa, kwa nini kuahirisha kungegharimu zaidi (ukumbi ulikuwa umeshalipiwa, chakula kilikuwa jikoni), na uombe kibali cha 30,000 kutoka kwenye bakaa ya mafuta, ambayo ni 30,000 hiyo hiyo. Ambatisha majina ya madereva, namba zao za simu, namba za pikipiki na saini zao kama za mama lishe. Meneja akisaini, mhasibu atapokea. Meneja akikataa, unailipa wewe, na hilo nakwambia mapema usije ukashtuka. Kama ungempigia meneja simu asubuhi ile ile ukiwa bado barabarani, na kumtumia ujumbe baada ya mazungumzo, leo ungekuwa na kibali cha siku ya tukio.

Usiifiche bodaboda ndani ya mafuta. Mafuta yako yamekaa vizuri mno, usiyaharibu. Una risiti za EFD za 150,000, lita 50 kwa bei ya 3,000, na kitabu cha gari kinaonyesha kilomita 348 tangu kutoka hadi kurudi. Ni kama kilomita 7 kwa lita, kwa gari la aina yenu na mlima ule inaingia akilini. Mkaguzi hufanya hesabu hiyo hiyo. Ungeandika 180,000 ungekuwa unasema gari limekula lita 60 kwa kilomita 348, chini ya kilomita 6 kwa lita, na dereva angeitwa kueleza.

Yaliyobaki ni mepesi. Ukumbi wa kanisa umelipa 100,000 badala ya 120,000, risiti ya kitabu yenye muhuri wa parokia inatosha. Shajala umezidisha 6,500, risiti ya EFD ya 86,500 ipo, andika sentensi moja kwenye dokezo ukieleza kilichoongezeka. Ziada ndogo ndani ya jumla iliyoidhinishwa hukubaliwa kwenye ofisi nyingi, mradi isinyamaziwe. Vocha za simu 20,000, chapisha ujumbe wa ununuzi.

Risiti zako mbili za mafuta zimeanza kufifia. Karatasi ya EFD inaandikwa kwa joto na inaharibiwa na joto na jua, ndiyo maana risiti haiachwi kwenye dashibodi. Zitoe nakala leo, andika kwa kalamu kwenye nakala tarehe, duka na kiasi, kisha zibandike asili na nakala pamoja kwenye karatasi ya A4. Usipitishe gundi wala gamu tepu juu ya maandishi.

Sasa kwenye bakaa. Wengi huijaza fomu kwanza, fedha wakaahidi "nitaleta kesho". Geuza. Rudisha fedha kwanza, kwa sababu stakabadhi ya kurudisha ni kiambatisho kama risiti nyingine, na bila hiyo fomu haifungi. Mkononi una 53,500. Ongeza 100,000 yako na 80,000 ya dereva: 233,500. Ziweke kwenye akaunti ya benki ya shirika, na kwenye sehemu ya maelezo ya karatasi ya benki ziandikwe "marejesho ya masurufu, safari ya Same" na namba ya hati ya malipo iliyokupa fedha. Bila maelezo hayo, fedha itaonekana kwenye taarifa ya benki kama ya mtu asiyejulikana, na deni lako litabaki pale pale. Kama ofisi yenu inapokea taslimu, mpe mtunza fedha na usiondoke dirishani bila stakabadhi ya ofisi yenye namba. Usimwachie mwenzako mezani, hata kama mnaaminiana. Wala usiibakize "kwa ajili ya safari ijayo". Safari ijayo ina masurufu yake.

Ukishapata stakabadhi, ndipo ujaze fomu. Panga kwa vifungu vya bajeti vile vile vilivyoidhinishwa, siyo kwa tarehe. Nimeona ulipanga kwa siku, Jumatatu mafuta na vocha, Jumanne chakula, na kuendelea. Kwako ina mantiki, lakini mhasibu anatakiwa kulinganisha kila kifungu na kilichoidhinishwa, kwa hiyo anaanza kuichambua upya, na akichoka anakurudishia. Kama mama wa nauli atasaini na meneja akakubali bodaboda, yako itakuwa hivi:

| Kifungu | Kilichoidhinishwa | Kilichotumika | Kiambatisho |
|---|---|---|---|
| Posho, usiku 3 | 720,000 | 540,000 | A: kibali cha safari, kitabu cha gari |
| Mafuta | 180,000 | 150,000 | B: risiti za EFD |
| Nauli za washiriki, 56 | 600,000 | 560,000 | C: mahudhurio, malipo, karatasi ya ziada |
| Chakula, sahani 60 | 720,000 | 720,000 | D: hati ya kukiri, karatasi ya daftari |
| Ukumbi | 120,000 | 100,000 | E: risiti yenye muhuri |
| Shajala | 80,000 | 86,500 | F: risiti ya EFD |
| Vocha | 20,000 | 20,000 | G: ujumbe wa ununuzi |
| Bodaboda | 0 | 30,000 | H: hati za kukiri, kibali cha meneja |
| Jumla ya matumizi | | 2,206,500 | |
| Bakaa iliyorudishwa | | 233,500 | I: stakabadhi |
| Jumla | 2,440,000 | 2,440,000 | |

Kila kiambatisho kiandikwe herufi yake juu kulia, na vikiwa vingi chini ya herufi moja viwe na namba: B1, B2. Mhasibu akisoma mstari wa mafuta anafungua B bila kukutafuta kwenye simu.

Kama yule mama hatasaini, badilisha nauli iwe 550,000, matumizi yatakuwa 2,196,500 na bakaa ya kurudisha 243,500, yaani unaongeza 10,000 kutoka mfukoni mwako. Jumla ya chini haibadiliki. Haitakiwi kubadilika kwa namna yoyote ile.

Juu ya yote weka dokezo la ukurasa mmoja lenye mambo manne tu: kwa nini mlirudi siku moja kabla, kwa nini sahani zilizidi mahudhurio, kwa nini shajala ilizidi, na kibali cha bodaboda. Ripoti ya safari yenyewe iende kando, ingawa wahasibu wengi hawapokei marejesho bila kuiona, kwa hiyo kama hujaiandika, iandike usiku huu. Tarehe na idadi ya watu kwenye ripoti zifanane na za fomu. Nimeona mafaili yaliyokwama kwa sababu ripoti ilisema wakulima 60 wamefundishwa na mahudhurio yakasema nusu yake, kumbe mwandishi alijumlisha siku mbili bila kusema.

Kuhusu muda, usimlaumu mhasibu. Kwenye halmashauri na taasisi za Serikali marejesho yanatakiwa ndani ya wiki mbili, na masurufu yasiyorejeshwa ni jambo ambalo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hulitaja mara kwa mara. Mashirika kama lenu yana mwongozo wake wa fedha, mengine yanabana zaidi ya hapo, na wafadhili huangalia. Soma ukurasa wa masurufu kwenye mwongozo wenu ujue siku zako ni ngapi na zinahesabiwa tangu lini. Kama karatasi za Mbaga zitachelewa kurudi, usikae nazo zote ukisubiri. Rudisha fedha leo, mwandikie mhasibu kwamba C na D zinakamilishwa na unazitarajia siku fulani, ukimpa na namba ya stakabadhi. Kwa kawaida kukatwa mshahara kunamkuta aliyekaa kimya. Mwenye stakabadhi na barua mhasibu ana cha kumtetea nacho.

Tengeneza seti mbili. Moja mpe, ya pili agonge muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Akishaiingiza kwenye vitabu mwombe namba ya hati ya marejesho na uiandike kwenye nakala yako, kisha hakikisha kwenye orodha ya wadaiwa ya mwezi huo jina lako halipo. Kama bado lipo kwa 2,440,000, kitu hakijaingizwa. Kama lipo kwa kiasi kidogo, kuna kiambatisho kimekataliwa na hukuambiwa. Peleka nakala yenye muhuri siku hiyo hiyo.